Jicho la Mhusika: Namna ya Kuchagua Vitenzi vya Kutazama Unapoandika Hadithi

Rasimu nyingi za hadithi fupi ninazosoma zina ugonjwa mmoja, na zangu za mwanzo zilikuwa nao pia: kila mtu "anaangalia". Mhusika anaangalia dirishani, anamwangalia mama yake, anaangalia saa, anaangalia chini. Kitenzi hicho kinaeleweka, lakini hakisemi lolote kuhusu anayetazama. Tena kina kazi nyingine nyingi. "Akamwangalia mtoto" yaweza kuwa alimlea, na "angalia!" ni onyo kwa mtu anayekaribia kujikwaa. Hata "tazama" ina pembe yake, maana mtu huenda kumtazama mgonjwa hospitali akakaa naye saa nzima.

Mwongozo huu unafuata onyesho moja tu, kutoka rasimu hadi mwisho. Tuko Tanga, kwenye ukumbi wa harusi upande wa wanawake. Mwanaidi ni fundi cherehani. Wiki mbili zilizopita kaka yake alimletea kitenge na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, akamwomba amshonee mkewe gauni na asimwambie mtu. Leo Mwanaidi ameketi kwenye mkeka pamoja na huyo wifi yake, na gauni linaingia mlangoni likiwa limevaliwa na mwanamke mwingine.

Hii ndiyo rasimu:

"Mwanaidi aliangalia mlangoni. Aliona mwanamke mmoja akiingia. Alimwangalia. Aliona kwamba gauni lake lilikuwa limeshonwa na yeye mwenyewe. Alimwangalia wifi yake. Wifi yake alikuwa akimwangalia yule mwanamke. Mwanaidi aliangalia chini."

Habari yote imo, ila hatujui Mwanaidi ameshtuka kiasi gani, wala kama anajificha, wala wifi anashuku nini.

Hatua ya 1: Pigia mstari kila tendo la macho, kisha uulize limechukua muda gani

Chukua kalamu upigie mstari kila "angalia", "tazama" na "ona". Katika rasimu yetu ni saba. Usibadilishe kitu bado. Pembeni ya kila kimoja andika muda: kufumba na kufumbua, pumzi moja, au muda mrefu.

Kiswahili kimetupa msaada mkubwa hapa, nao umo kwenye umoja na wingi. Mtazamo mfupi mara nyingi huchukua jicho moja: kutupa jicho, kumtupia mtu jicho, kupiga jicho. Mtazamo mrefu huchukua yote mawili: kukaza macho, kukodoa macho, kutoa macho, kutumbua macho. Sheria hii ina mianya yake, kwa sababu utasikia pia "kumkazia jicho" na "kutupa macho baharini", lakini kama mwelekeo inakutosha. Ukiandika "akatupa jicho mlangoni", msomaji anajua kichwa hakikugeuka chote na mazungumzo hayakukatika.

Muda mwingine umo ndani ya kitenzi chenyewe. "Akamtazama" yenye -ka- ni tendo lililotokea likaisha, na hadithi imesonga. "Alikuwa akimtazama" inaacha tendo liendelee huku jambo jingine likitokea. Ukirudia shina, "akitazamatazama", unapata mtu asiyetulia, anayetafuta pa kuliweka jicho na hapaoni. Mgeni aliyeingia ukumbini akakosa anayemjua hutazamatazama. Huna haja ya kuongeza kwamba alikuwa na wasiwasi.

Kwa Mwanaidi, tazamo la kwanza la mlangoni ni la kupita. Watu wamekuwa wakiingia tangu alasiri. Basi ni kutupa jicho. La pili, atakapolitambua gauni, ni refu. La kumtazama wifi ni fupi tena, na lina hofu.

Hatua ya 2: Uliza nani anajua kwamba mtu huyu anatazama

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Nilitumia miaka kadhaa kabla sijaona kosa lenyewe.

"Kukodoa macho" si kutazama kwa muda mrefu tu. Ni kutazama kwa mtu aliyejisahau, na anayelisema neno hilo mara nyingi ni mwingine aliyemwona. Ndiyo maana tunalisikia zaidi katika lawama: "Mbona unanikodolea macho?" Kadhalika "kutumbua macho". Yote mawili yanauonyesha uso kwa nje, na yana hukumu ndani yake: huyu ni mshamba, au mjinga, au hana adabu.

Sasa, kama hadithi yako imekaa ndani ya kichwa cha Mwanaidi, sentensi "Mwanaidi akamkodolea macho yule mwanamke" inamtoa msomaji nje ghafla. Nani amemwona akikodoa? Yeye hajioni. Una njia mbili. Ya kwanza ni kulitoa neno kwenye mdomo wa mwingine, wifi kwa mfano: "Wifi, unamkodolea nani macho?" Ya pili ni kumfanya azinduke: "Alijikuta amekodoa macho." Kitenzi "jikuta" kinampa nafasi ya kujiona baada ya kujisahau.

"Kukaza macho" ni tofauti, kwa kuwa lina nia. Anayemkazia mtu macho anajua anachofanya na anataka kitu: kumtisha, kumbana aseme kweli, au kuhakikisha jambo. Mwanaidi anaweza kulikazia macho pindo la gauni bila sisi kutoka ndani yake.

Kisha kuna sarufi moja ndogo ambayo naipenda kuliko zote. Linganisha "Mwanaidi alitoa macho" na "Macho yalimtoka Mwanaidi." Katika ya kwanza yeye ndiye mtenda. Katika ya pili macho yametenda na yeye ametendwa. Ile -m- ndani ya "yalimtoka" inaonyesha kwamba lilimpata bila ridhaa. Ndiyo maana mtu aliyeshtuka kupita kiasi tunasema macho yamemtoka pima. Unaweza kutumia mpango huohuo kwa mshtuko mdogo zaidi: "macho yakamganda mlangoni", "macho yakamshuka". Ukitaka kuonyesha mtu amepoteza utawala wa mwili wake, mwondoe kwenye kiti cha mtenda uyaweke macho pale. Ukitaka kuonyesha amejizatiti, mrudishe. Lakini usifanye hivyo zaidi ya mara moja au mbili katika onyesho zima, la sivyo ukumbi utajaa macho yanayotembea peke yake.

Hatua ya 3: Kitu kilichoonekana mara moja kikapotea, kiache kitu chenyewe kitende

Kuna kuona ambako si kutazama. Hukukusudia, kitu kilipita, ukakidaka nusu. Waandishi huhangaika kutafuta kitenzi kimoja cha jambo hili, wakaishia na "aliona kwa haraka sana kwa muda mfupi". Usihangaike. Lugha yetu hulifanya jambo hili kwa kukipa kitu nafasi ya mtenda: kilichomoza kikazama, kilionekana kikatoweka, kilimpitia mbele ya macho. "Kisigino chekundu kikaonekana chini ya baibui, kikapotea." Hakuna anayetazama ndani ya sentensi hiyo, na bado msomaji anajua jicho la nani lilikuwa pale.

Ukitaka mtazamaji abaki, tumia "wahi": "Aliwahi kuona kisigino tu." Neno hilo linabeba upungufu wote. Alitaka zaidi, hakupata.

Na pale mtu anapozinduka na kukuta jambo limeshatokea mbele yake, tuna "tahamaki". "Alipotahamaki, mwanamke alikuwa amekwisha kuketi." Linafaa sana kwa mhusika aliyekuwa kwenye mawazo. Halifai kwa mlinzi aliyekaa macho kodo.

Hatua ya 4: "Chungulia" inahitaji ukingo

Hii nitaipita haraka. Huwezi kuchungulia uwanjani. Mtu huchungulia kupitia kitu au ndani ya kitu: tundu la ufunguo, ufa wa mlango, dirisha, kisima, sufuria iliyo motoni. Pana kizuizi, na pana shingo inayonyooshwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika "akachungulia", hakikisha ukingo umeshautaja au utautaja mara moja. Kitenzi hiki kina udadisi ndani yake, mara nyingine na woga wa kukamatwa, hivyo "akachungulia kwa udadisi" ni kurudia.

Vitu navyo huchungulia. Ncha ya bahasha huchungulia mfukoni, na pindo la gauni huchungulia chini ya mtandio. Tutalihitaji hilo la pindo.

Hatua ya 5: Baada ya kitenzi, andika alichokiona, kwa wakati wake yeye

Rudi kwenye rasimu: "Aliona kwamba gauni lake lilikuwa limeshonwa na yeye mwenyewe." Sentensi hii ina makosa mawili.

La kwanza ni wakati. Kiswahili, baada ya "akaona", hakihitaji kulirudisha jambo nyuma. Husimama pale aliposimama mhusika: "akaona mlango uko wazi", "akamwona kaketi", "akamwona anavua viatu". Ukiandika "aliona kwamba mlango ulikuwa uko wazi" unaweka msimulizi katikati, na msomaji anapokea taarifa badala ya kuona. Chukua rasimu yako, futa kila "kwamba" inayofuata "aliona", kisha ulete kitenzi cha pili kwenye -na-, -me-, -ki- au -ko. Mara nyingi utakuta hata "aliona" yenyewe inaweza kuondoka. "Mwanaidi akatupa jicho mlangoni. Mwanamke mmoja, kachelewa, anavua viatu." Jicho limeshatupwa, kwa hiyo kinachofuata ni kile lililotua juu yake.

La pili ni kwamba rasimu imetoa hitimisho, haikutoa kitu. Amejuaje ni gauni lake? Kila mhusika huona kwa kazi yake na kwa haja yake. Mvuvi akiingia ukumbini huangalia upepo unavyocheza na mapazia. Mpishi hunusa pilau kabla hajamwona bibi harusi. Fundi cherehani huona mishono. Nilipokuwa naliandika onyesho hili nilikwenda kuketi na fundi mmoja mtaani kwetu, nikamuuliza angeijuaje kazi yake ikiwa mbali. Alinijibu kwamba huijua kwa pale alipokosea.

Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Usiku ule uzi wa rangi ya damu ya mzee ulimwishia Mwanaidi akiwa amebakiza pindo la mkono wa kushoto. Maduka yamefungwa, kaka yake anataka gauni asubuhi, akamalizia kwa uzi wa kahawia. Pindo hilo halionekani ila mkono ukiinuliwa. Sasa mtazamo wake una mahali pa kutua, na mshtuko hauhitaji kuelezwa kwa neno "mshtuko".

Kipimo cha hatua hii ni rahisi. Funika kitenzi cha kutazama kwa kidole, usome kilichobaki. Kama kile kilichoonekana kingeweza kuonwa na mtu yeyote ukumbini, bado hujamwingia mhusika.

Hatua ya 6: Jibu la mtazamo, na adabu yake

Macho hayana pazia, lakini yana adabu. Mtoto aliyelelewa pwani akizungumza na mtu mzima hushusha macho, na anayemkazia mkubwa macho ataambiwa ana macho makavu, yaani hana haya. Mwandishi anayelijua hili ana chombo cha bure mikononi. Mkwe akimkazia macho mama mkwe, vita vimeshatangazwa kabla hajafungua mdomo.

Wanawake wawili wasiojuana wakikutana harusini, mmoja anaweza kumpandisha mwenzake na kumshusha: macho yanaanza viatuni, yanapanda hadi kilembani, yanarudi chini. Huko ni kupima, na mara nyingi ni kudharau. Wifi wa Mwanaidi atafanya hivyo. Atafanya kwa sababu gauni ni zuri, si kwa sababu anajua lolote. Lakini Mwanaidi anajua, na kwake kila mwendo wa yale macho ni hatari.

Mwanaidi mwenyewe atamtazama wifi kwa jicho la wizi. Hapa "wizi" unafanya kazi ya hofu na ya hatia kwa pamoja. Ningeweza kusema "kwa chati", lakini hilo naliona la mtu mtulivu anayepeleleza, naye hana utulivu huo.

Jihadhari na vitenzi vya kutendana. "Wakatazamana" ni macho kwa macho, na "wakaonana" ni kukutana, labda kwa chai. Jihadhari pia na "mwonea": ukisema "akamwonea" bila kumalizia, umesema alimdhulumu. Kinahitaji mwenzake: akamwonea huruma, akamwonea wivu, akamwonea haya. Wivu, huruma na haya vyote katika Kiswahili tunavionea, kwa hiyo "ona" inaweza kukubebea hisia pale ambapo mtazamo umekwisha. Nitaitumia mara moja tu, mwishoni.

Hatua ya 7: Punguza, kisha andika upya kwa mkupuo

Ukishajua vitenzi vyote hivi kuna kishawishi cha kuvimwaga vyote. Katika onyesho la ukurasa mmoja, vitenzi vitatu au vinne vyenye rangi vinatosha. Vingine viache viwe "tazama" ya kawaida, au viondoe kabisa uache kitu kionekane. Na kila kielezi kinachofuata kitenzi chenye rangi kifutwe: hakuna "akakaza macho kwa makini".

Dalili ya kwamba umezidisha utaiona ukilisoma onyesho kwa sauti. Ukianza kuwazia mboni za macho badala ya ukumbi, rudi ufute.

Hili hapa onyesho baada ya hatua zote:

"Pazia la mlangoni likainuliwa, Mwanaidi akatupa jicho. Mwanamke mmoja, kachelewa, anavua viatu. Akarudi kwenye sinia, akamega pilau. Tonge lilikuwa halijafika mdomoni pale rangi ilipomrudia: damu ya mzee, maua madogo meusi.

Vipo vitenge vingi vya namna hiyo, alijiambia.

Mgeni akainua mkono kuuweka sawa mtandio, na chini yake pindo likachungulia. Uzi wa kahawia. Mkono ukashuka, pindo likapotea, lakini macho yalikuwa yameshamganda palepale hewani. Saa nne za usiku, taa inafifia, na yeye anajiambia: nani atachungulia huko?

Akamtazama wifi yake kwa jicho la wizi. Wifi alikuwa ameacha kula. Alimpandisha mgeni kuanzia kwenye nyayo zilizopakwa hina, akafika shingoni, akamshusha polepole, akakomea kiunoni.

'Wifi,' akasema, 'hebu litazame gauni lile. Si mkono wako ule?'

'Mafundi wote siku hizi wanashona hivyo.'

'Zuri.' Wifi akamgeukia. 'Nami nishonee kama lile. Nitamwambia kaka yako anunue kitenge.'

Mwanaidi akaanza kuzitenga iliki kwenye pilau, moja moja, akizipanga ukingoni mwa sinia. Alimwonea haya hata kuitika."